Cheti cha Maisha au Cheti cha Kuhuisha? Namna ya Kupima Kabla ya Kulipa

Machi 2025, saa tatu usiku, nilikuwa ofisini kwetu Ngara nikipanga makaratasi ya tenda ya kufunga mtandao kwenye ofisi za kaunti moja. Tenda ilidai mafundi wawili, kila mmoja na cheti cha mitandao kilicho halali siku ya kufungua bahasha. Nilikuwa na mafaili mawili mezani. La kwanza lilikuwa la kijana wetu ambaye hunyoosha swichi iliyojizungushia kebo kabla chai haijapoa. CCNA yake, cheti cha mitandao cha Cisco, ilikuwa imeisha muda siku 11 kabla. La pili lilikuwa la mzee mmoja tunayemwita akitupata na kazi nyingi. Alifanya Network+ ya CompTIA mwaka 2009, na kwa miaka mingi sasa kazi yake imekuwa kuvuta kebo na kuuza kamera. Cheti chake hakiishi muda.

Karatasi ya mzee ikapita. Ya kijana ikabaki kwenye droo, nasi tukamlipa fundi wa nje aingie kwenye orodha.

Tangu siku hiyo vijana wa ofisini huniuliza swali lile lile: "Dada, si ni heri nichukue zile zisizoisha?" Jibu langu ni kwamba tarehe ya mwisho ni kitu cha nne au cha tano kukiangalia. Hivi ndivyo ninavyopima, kwa kutumia vyeti vya kompyuta na mitandao kwa sababu ndivyo ninavyovijua. Dola nimeikadiria kwa shilingi 130.

Hatua ya kwanza: jua ni nani atakayekisoma, na atakisoma siku gani

Cheti kina wasomaji wa aina tatu, na kila mmoja ana jicho lake.

Msomaji wa kwanza ni mtu wa kuajiri. Huyu anaangalia jina la cheti na mara nyingi haangalii tarehe. Ukimwambia "nilifanya CCNA 2021, imeisha, lakini nimekuwa kwenye ruta kila siku tangu hapo", wengi wanaojua kazi watakuelewa. Watakupima kwa maswali.

Wa pili ni mkaguzi wa tenda. Huyu hapimi ujuzi wako. Ana orodha na kalamu, na kazi yake ni kuweka alama ya ndiyo au hapana. Kwake cheti kilichoisha jana na cheti ambacho hukuwahi kuwa nacho ni kitu kimoja. Vivyo hivyo kwa kampuni inayotaka kubaki kwenye ngazi fulani ya ushirika na mtengenezaji wa vifaa: mtengenezaji huhesabu watu wenye vyeti vilivyo hai leo.

Wa tatu ni chombo cha taaluma, na hapa Kenya tunaye mfano wa karibu. Mhasibu aliyemaliza mitihani ya CPA ya bodi ya KASNEB amemaliza. Matokeo hayo hayazeeki. Lakini ili ahesabiwe mwanachama mwenye hadhi nzuri wa ICPAK, chama cha wahasibu, ni lazima alipe ada ya mwaka na akusanye saa za mafunzo endelevu. Mtu mmoja, vitu viwili: kimoja cha maisha, kingine cha mwaka kwa mwaka. Tangazo la kazi likisema "awe amemaliza mitihani ya CPA" linauliza cha kwanza. Likisema "awe mwanachama mwenye hadhi nzuri" linauliza cha pili. Soma neno lenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote, tafuta matangazo matano ya kazi unayoitaka, yaliyo wazi sasa hivi Nairobi, na tenda mbili au tatu kama uko upande wetu wa makandarasi. Andika neno kwa neno jinsi cheti kinavyotajwa. Ukiona "halali" au "hai" mara nyingi, unacheza na msomaji wa pili. Ukiona jina tupu, unacheza na wa kwanza.

Hatua ya pili: pima adhabu ya kulala

Hii ndiyo hatua ninayoikalia zaidi, na ndiyo watu huiruka. Usiulize tu kama cheti kinaisha. Uliza: kikiisha nikiwa nimelala, itanigharimu nini kukirudisha, ukilinganisha na ambavyo ingenigharimu kukiweka hai? Tofauti ya hizo mbili ndiyo adhabu. Vyeti viwili vyote vikiwa "vya kuhuisha" vinaweza kuwa na adhabu zilizoachana kama Mlolongo na Kileleshwa.

Chukua cheti cha Microsoft cha usimamizi wa Azure, huduma yao ya wingu, kile cha mtihani AZ-104. Kinadumu mwaka mmoja tu, na watu wakisikia hivyo huguna. Lakini kukihuisha ni bure. Miezi sita kabla ya kuisha, dirisha linafunguliwa kwenye tovuti ya Microsoft Learn. Unafanya tathmini fupi ukiwa nyumbani, bila msimamizi, na ukikosa unarudia. Ukilala hadi tarehe ipite, dirisha linafungwa na unarudi kwenye mtihani wenyewe, wa kulipia na wa kukaa mbele ya msimamizi. Kukiweka hai ni sifuri, kukirudisha ni ada nzima pamoja na wiki za kusoma. Adhabu ni kubwa mno, na ya kujitakia.

Sasa chukua CCNA. Inadumu miaka mitatu. Mtihani wake, 200-301, ni dola 300, yaani karibu shilingi 39,000. Njia za kuihuisha ni kadhaa, lakini tatu ndizo za kufikiria: kurudia mtihani huo huo kabla cheti hakijaisha muda, kukusanya pointi 30 za mafunzo endelevu, au kufaulu mtihani wa ngazi ya juu kama ENCOR, 350-401, ambao ni dola 400, karibu shilingi 52,000.

Angalia kitu cha ajabu hapa. Kama mpango wako ni kurudia mtihani ule ule, adhabu ya kulala kwa fedha ni sifuri. Utalipa 39,000 ukirudia wiki moja kabla ya kuisha, na utalipa 39,000 hiyo hiyo ukirudia mwaka mmoja baadaye. Kuna watu wanaolipa kila miaka mitatu kwa hofu tu, wakati hakuna anayekisoma cheti chao. Hao ningewaambia wakiache kiishe, wakilipie tena siku kazi itakapokidai. Sharti ni moja: uwe na nafasi ya miezi miwili mitatu ya kusoma kati ya kuhitaji na kutumia. Mwajiri anaweza kukupa nafasi hiyo. Tenda ya siku 14 haikupi.

Lakini kama mpango wako ni kupanda, adhabu inabadilika kabisa. Kufaulu ENCOR kunaihuisha CCNA iliyo hai. Hakuifufui iliyokufa. Na ukisoma kwa pointi ni hivyo hivyo: pointi zinahesabiwa cheti kikiwa hai, basi. Cisco hutoa mara kwa mara kozi za bure zenye pointi, kwa hiyo mtu mwenye subira anaweza kuhuisha kwa bei ya bando na usingizi wake. Siku tarehe ikipita, njia hiyo ya karibu bure inageuka 39,000.

Tengeneza jedwali dogo kwenye daftari, safu tatu: gharama ya kuweka hai, gharama ya kurudisha, adhabu. Vyeti vyenye adhabu kubwa vinastahili kengele kwenye simu. Vyenye adhabu ndogo vinastahili swali la kama unavihitaji kweli.

Hatua ya tatu: uliza kilicho cha maisha ni kipi hasa

Neno "maisha" kwenye cheti linamaanisha kwamba aliyekitoa hatakufuta. Halimaanishi kwamba somo lenyewe litaishi.

Network+ ya mzee wetu ni ya maisha kwa sababu ya tarehe. CompTIA ilipobadili utaratibu, waliofaulu A+, Network+ na Security+ kabla ya tarehe 1 Januari 2011 walibaki na vyeti vya kudumu, na waliofuata wakapewa vya miaka mitatu. Mtu aliyefanya mtihani Desemba 2010 na aliyefanya Januari 2011 walisoma karibu kitabu kile kile. Mmoja ana cha maisha, mwingine hana. Tangu enzi hizo za toleo la N10-004 mtihani umefumuliwa na kushonwa upya mara tano, hadi N10-009 wa mwaka 2024. Karatasi ya mzee haijui hayo yote. Kwa mkaguzi wa tenda inatosha. Kwangu mimi, nikimpeleka kwenye jengo lenye mtandao wa wingu na simu za intaneti, haitoshi, naye mwenyewe husema hivyo akicheka.

Upo pia mwisho wa aina nyingine. Microsoft ilistaafisha vyeti vyake vya zamani, MCSA na MCSE, tarehe 31 Januari 2021. Waliokuwa nazo hawakunyang'anywa, bado zinaonekana kwenye rekodi zao. Ila njia yenyewe imefungwa, na mwajiri mchanga wa leo huenda hajui herufi hizo zilimaanisha nini. Cheti kinaweza kubaki hai na jina lake likafa.

Kwa hiyo kwa cheti cha maisha, kitu cha kupima ni mwendo wa somo. Somo linalokwenda polepole hulinda cheti cha maisha. Mfano mzuri ni Scrum, ule utaratibu wa timu za programu kufanya kazi kwa vipindi vifupi. Mwongozo wake rasmi una kurasa chache, na toleo linalotumika ni la Novemba 2020. Hapo kuna vyeti viwili vinavyoshindana. PSM I ya Scrum.org ni mtihani wa maswali 80 kwa dakika 60, alama ya kufaulu ni asilimia 85, ada ni dola 200, na haiishi. CSM ya Scrum Alliance inaanza na kozi ya lazima, kisha kila miaka miwili unalipa dola 100 na kuonyesha pointi 20 za kujifunza. Ukikaa nayo miaka sita, malipo ya kuihuisha mwaka wa pili na wa nne peke yake ni dola 200, bei ya PSM I nzima, kabla hujahesabu kozi wala malipo ya mwaka wa sita ukitaka kuendelea nayo. Matangazo mengi niliyoyaona huandika "CSM au PSM" kwa pumzi moja. Hapa mimi huchukua cha maisha bila kusita, isipokuwa kwa mtu anayeitaka kozi yenyewe, mwalimu na wanafunzi wenzake. Hilo ni jambo jingine na lina thamani yake.

Azure ni kinyume chake. Majina ya huduma yanabadilika, skrini zinabadilika, na cheti cha miaka sita iliyopita kingekuwa kinaeleza mji uliobomolewa. Microsoft wenyewe wameligawa jambo hili vizuri: cheti cha msingi, AZ-900, kinachouliza wingu ni nini na linalipiwaje, hakiishi. Cheti cha kazi, AZ-104, kinaisha kila mwaka. Wameachia kile kinachozeeka polepole.

Hatua ya nne: hesabu kwa miaka sita, na ugawe kwa miaka ya kazi

Nimechagua sita kwa sababu inabeba mizunguko miwili ya miaka mitatu na mitatu ya miaka miwili. Na ugawe kwa miaka ambayo cheti kitakufanyia kazi. Usigawe kwa maisha yako yote. PSM I ya 26,000 itakayosomwa na waajiri kwa miaka minne ni 6,500 kwa mwaka, hata kama utaishi miaka 90.

Turudi kwa kijana wetu, maana nilikaa naye na kalkuleta wiki ile ile. Alifaulu CCNA tarehe 14 Machi 2022, kwa 39,000. Njia ya kwanza ilikuwa arudie mtihani kabla ya 14 Machi 2025: 39,000 nyingine, jumla 78,000 kwa miaka sita, au 13,000 kwa mwaka. Mwishoni angekuwa na kitu kile kile alichoanza nacho.

Njia ya pili ilikuwa afanye ENCOR, tuseme Januari 2025, kwa 52,000. Jumla 91,000, kama 15,200 kwa mwaka. Tofauti na njia ya kwanza ni 13,000 kwa miaka sita yote, na kwa hiyo 13,000 angekuwa na CCNA hai, pamoja na nusu ya njia ya kufika CCNP Enterprise, ambayo hukamilishwa kwa mtihani mmoja wa ziada. Mtu aliyekuwa ameshika ruta miaka mitatu hana sababu ya kulipia ngazi ya chini mara mbili.

Njia ya tatu ilikuwa pointi 30 kupitia kozi za bure. Jumla ingebaki ile ile 39,000 ya mwanzo, 6,500 kwa mwaka, na jioni nyingi za kukaa mbele ya kompyuta.

Baada ya siku zile 11, njia ya pili na ya tatu zilikuwa zimefungwa kwa CCNA yake. Akitaka vyote viwili, CCNA na ENCOR, sasa ni lazima alipe 39,000 na 52,000 kando kando. Adhabu yake ilikuwa 39,000, karibu shilingi 3,500 kwa kila siku aliyochelewa.

Nilimuuliza kama alipata barua pepe ya kumkumbusha. Akanyamaza kidogo. "Ilienda kwa ile anwani ya kazi ya zamani, dada."

Hatua ya tano: weka akaunti na tarehe mahali pako

Hapa sitakaa sana, lakini usiiruke. Akaunti ya vyeti ifunguliwe kwa barua pepe yako binafsi tangu siku ya kwanza, hata kama mwajiri ndiye anayelipa. Ukiacha kazi, anwani ya kazi inafungwa siku hiyo hiyo, na kwa Microsoft unaweza kujikuta huwezi hata kuingia kwenye rekodi yako ufanye ile tathmini ya bure. Kama tayari umeunganisha na anwani ya kazi, ongeza akaunti binafsi ukiwa bado una ufunguo wa ile nyingine.

Jina kwenye akaunti lifanane na la kitambulisho, kwa sababu siku ya mtihani msimamizi atalinganisha herufi.

Weka kengele tatu kwenye simu: miezi sita kabla, miezi mitatu kabla, na mwezi mmoja kabla. Ya miezi sita ni ya kuchagua njia na kuanza kuweka akiba. Ya miezi mitatu ni ya kuanza kusoma au kukusanya pointi. Ya mwezi mmoja ni ya dharura. Ikilia nawe hujafanya kitu, rudia mtihani wa chini unaoujua, maana ENCOR haisomwi kwa wiki nne.

Mwisho, fungua ukurasa wa uthibitisho wa cheti chako kwa jicho la mgeni. Baji za Cisco na CompTIA hukaa kwenye tovuti ya Credly, na zile zilizoisha huandikwa hivyo mbele ya kila anayefungua kiungo. Usiweke kwenye wasifu kiungo cha baji iliyoisha ukidhani hakuna atakayebofya. Andika tu "CCNA, 2022–2025". Mtu wa kuajiri anaijua tofauti ya kilichoisha na kilichofichwa.

Pale hesabu inapokataa

Kuna hali moja ambapo haya yote hayakusaidii: mwajiri anapolipa ada zote. Hapo gharama yako ni muda tu, na cheti cha kuhuisha kinakuwa bora karibu kila mara, kwa sababu unalipiwa kusoma upya. Ila soma mkataba. Nimeona barua inayomtaka mtu arudishe ada akiondoka kabla ya miaka miwili, na hapo cheti kimegeuka mkopo.

Kijana wetu aliamua kurudia 200-301 kwanza, kwa sababu tenda zinaandika CCNA kwa jina. Alilipa kwa kadi ya GlobalPay ya M-Pesa akiwa amesimama mlangoni kwangu, na kabla ya kuondoka akaweka kengele ya miezi sita kabla ya cheti kijacho kuisha. Mzee alikuwa kwenye kochi akisubiri malipo yake ya kamera. Alimtazama, akauliza ada ni ngapi, akaambiwa, akapiga mluzi, kisha akarudi kwenye gazeti lake.